Plagi na Breki Pedi ni Mpya, Gari Bado Linasumbua: Namna ya Kumpata Mkosaji

Gari limefungwa plagi mpya na breki pedi mpya za mbele. Kabla ya siku kuisha, injini inamisi kila likipanda mlima, na gurudumu moja la mbele linatoa harufu ya kuungua. Mwenye gari hutamka neno moja tu: feki. Mara nyingi huwa amepatia, lakini si mara zote, na hapo ndipo hasara huanzia. Spea halisi ya gari jingine huleta dalili zile zile zinazoletwa na spea ya kughushi, na spea halisi iliyofungwa ovyo nayo huzileta. Dawa zake hazifanani. Ya kwanza hubadilishwa kwa namba iliyo sahihi, ya pili haifai kufungwa kwenye gari lolote, na ya tatu haina kosa hata kidogo.

Kwa hiyo nafuata mpangilio mmoja, wala siuruki: kwanza je, spea ni ya gari hili, pili je, ni halisi, tatu je, imefungwa inavyotakiwa. Ukianza na swali la pili utabishana na muuzaji kuhusu rangi ya boksi wakati plagi ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Mfano wangu utakuwa Toyota Corolla yenye chesisi NZE121, kwa sababu ni gari ambalo watu hulinunulia spea kwa jina tu, na jina hilo limebeba magari mengi tofauti.

Jina la gari halitoshi

Ukiingia dukani ukasema "nataka plagi za Corolla", umemwachia muuzaji abahatishe. NZE121 ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Ndugu yake wa kizazi kile kile, ZZE122, ina 1ZZ-FE. Corolla za baadaye zenye herufi ZRE zina injini za familia ya ZR. Kwa nje unaweza kuona tofauti ya taa tu, lakini ndani ya kichwa cha injini tundu la plagi si lile lile.

Soma bamba la utambulisho la gari lenyewe, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kulingana na gari lilikotengenezewa. Andika namba yote ya chesisi, namba ya modeli pamoja na herufi zinazofuata baada ya kistari, aina ya injini, na tarehe ya kutengenezwa kama ipo. Herufi hizo za mwisho zina kazi: hueleza daraja la gari, gia na bodi. Kwa upande wa breki ndizo huamua, kwa kuwa magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na diski za kipenyo tofauti au kalipa za muundo tofauti. Kama injini imewahi kubadilishwa, bamba halitakueleza hilo, basi tazama namba iliyochongwa kwenye injini yenyewe kabla ya kununua plagi.

Ukishapata hizo, nenda kwenye katalogi ya vipuri ukatafute kwa chesisi. Namba za Toyota husomeka ukizizoea. Zinazoanza na 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 ni pedi za nyuma, 04495 ni viatu vya breki za ngoma, na plagi huanza na 90919. Tarakimu tano zinazofuata kistari ndizo zinazotenganisha gari na gari. Sitakuandikia hapa tarakimu tano za pedi za NZE121, na ninafanya hivyo makusudi: hata ndani ya chesisi hiyo moja, mwaka na daraja vinaweza kuzibadilisha, na namba iliyonakiliwa kwa mtu mwingine ni njia ya haraka ya kununua pedi isiyoingia.

Dalili: injini inamisi baada ya plagi mpya

Kabla ya kulaumu yeyote, soma maandishi yaliyo kwenye plagi yenyewe, achana na boksi kwa sasa. Plagi ya kawaida ya Denso kwa 1NZ-FE ni K16R-U11, na ya NGK inayolingana nayo ni BKR5EYA-11. Herufi hizo ni vipimo. K ya mwanzo kwenye Denso inamaanisha uzi wa kipenyo cha milimita 14, urefu wa uzi milimita 19, na kichwa cha kushikwa na spana ya 16. Namba 16 inayofuata ni kiwango cha joto, R ni kizuizi cha umeme kilichomo ndani, na 11 ya mwisho ni nafasi ya cheche, milimita 1.1. Kwenye NGK, 5 ndiyo kiwango cha joto, E ni uzi wa milimita 19, na 11 ni nafasi ile ile.

Sasa linganisha na SC20HR11, plagi ya Denso inayotoka katika boksi la Toyota namba 90919-01253, ambayo ni ya injini za ZR. Ni plagi nzuri kabisa, nayo ni "ya Corolla". Lakini uzi wake una urefu wa milimita 26.5. Ukiifunga kwenye 1NZ-FE, milimita 7.5 za chuma zitachungulia ndani ya chumba cha mwako, mahali pistoni na valvu zinapopita. Hapo hatuzungumzii tena kumisi. Tunazungumzia injini kufunguliwa. Ukikosea kinyume, ukafunga plagi fupi kwenye kichwa kirefu, cheche itatokea ndani ya shimo mbali na mchanganyiko wa hewa na petroli, gari litakosa nguvu, na nyuzi zilizobaki wazi zitajaa masizi hadi plagi sahihi ikatae kuingia siku utakapoileta. Weka plagi mpya na ya zamani zikiwa zimesimama meza moja, washa kwa washa, uangalie ncha za nyuzi. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote na huokoa injini.

Urefu ukilingana, pima nafasi ya cheche kwa fila geji. Plagi nyingi husafirishwa zikiwa zimepangwa tayari, lakini ikianguka sakafuni elektrodi ya pembeni hujikunja. Nafasi ikiwa pana mno, koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi, na gari litamisi hasa linapobeba mzigo, kwani mgandamizo mkubwa ndani ya silinda huifanya cheche iwe ngumu kuruka. Ikiwa finyu mno, injini itayumba na kutetemeka gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Kwa plagi ya kawaida ya nikeli unaweza kurekebisha kwa kukunja elektrodi ya pembeni taratibu. Kwa plagi ya iridiamu usiingize geji kwa nguvu wala kukandamiza ncha ya katikati. Ni nyembamba na huvunjika kwa urahisi. Ikiwa nafasi yake haiko sawa, irudishe.

Kisha jaribu kuhamisha. Kama mashine ya kusomea hitilafu inatoa P0302, silinda ya pili ndiyo inayomisi. Chukua plagi ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Koili ziache mahali pake. Futa hitilafu, endesha gari katika hali ile ile iliyoleta tatizo. Ikirudi P0303, tatizo limefuata plagi. Ikibaki P0302, plagi haina hatia na unatakiwa kugeukia koili au injekta ya silinda hiyo. Watu huhamisha plagi na koili kwa pamoja, kisha hawajui kipi kimehama na tatizo.

Kuna alama moja inayowadanganya wengi. Ukichomoa plagi ukakuta mduara wa rangi ya kahawia kwenye kauri nyeupe, pale tu juu ya chuma, hiyo si moshi unaovuja na wala si dalili ya plagi feki. Ni vumbi na mvuke wa mafuta vilivyovutwa na umeme wa volti kubwa, na hutokea hata kwenye plagi bora. Cha kuogopa ni mstari mweusi mwembamba unaotambaa kutoka juu ya kauri hadi kwenye chuma: huo unaonyesha cheche imekuwa ikiruka nje ya plagi badala ya ndani, kwa sababu ya uchafu, mafuta ndani ya kisima cha plagi, au mpira wa koili uliochakaa. Ukifunga plagi mpya ndani ya mpira huo huo wenye mstari, nayo itaanza kumisi.

Dalili: plagi inatoka nyeusi, au nyeupe iliyochomeka

Kiwango cha joto hueleza jinsi plagi inavyopoteza joto. Kwa Denso na NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Denso 16 inalingana na NGK 5, na Denso 20 na NGK 6. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili bila jedwali. Plagi iliyo baridi kupita kiasi kwenye gari la safari fupi haifikii joto la kujisafisha, inajaa masizi makavu meusi. Iliyo ya moto kupita kiasi hutoka nyeupe ikiwa na vijiputo, na injini hugonga inapobebeshwa mzigo. Kati ya makosa mawili haya, la pili ndilo linalotoboa pistoni. Lakini plagi zote nne zikiwa nyeusi na namba yake ni sahihi, tatizo liko kwenye petroli nyingi au hewa chache, na plagi mpya hazitalitibu.

Plagi ina namba sahihi: je, ni halisi?

Boksi liangalie, lakini usiliamini. Chapa iliyofifia, herufi zilizopinda, tahajia mbovu, namba ya kwenye boksi isiyolingana na ya kwenye plagi: yote haya yanatosha kukataa. Kinyume chake si kweli. Boksi safi lenye stika inayong'aa halithibitishi kitu, kwa sababu boksi ndilo rahisi kunakili, na boksi halisi lililotupwa huokotwa likajazwa upya. Jua pia kwamba plagi ndani ya boksi la Toyota huwa na jina la aliyeitengeneza, kwa mfano DENSO. Hilo ni jambo la kawaida.

Uthibitisho uko kwenye chuma. Chukua plagi zote nne uzipange pamoja. Kiwanda halisi hutoa vitu vinavyofanana: elektrodi ya pembeni imekaa katikati juu ya ile ya ndani, imekatwa wima, kauri ni laini bila vidoa, nyuzi zimeviringishwa zikawa nyororo, na alama ya kundi la utengenezaji imegandamizwa kwenye chuma. Nakala hutofautiana zenyewe kwa zenyewe. Moja imeinama, nyingine ina nafasi ya 0.9, ya tatu 1.2. Sugua maandishi ya kwenye kauri kwa kitambaa chenye petroli kidogo; chapa iliyochomwa kiwandani haitoki, ya nakala mara nyingi huacha wino kitambaani. Jaribu kuzungusha washa kwa vidole. Kwenye NGK halisi inaweza kuzunguka, lakini haitoki kwenye uzi bila kulazimishwa. Kwenye nakala nyingi huteleza ikaanguka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mita ya umeme. Plagi yenye R ndani ya jina lake ina kizuizi. Weka mita kwenye kiloomu, ncha moja juu ya plagi na nyingine kwenye elektrodi ya katikati. Kwa Denso na NGK za aina hii utasoma kiloomu chache, kwa kawaida karibu na 5. Ukisoma karibu na sifuri, kizuizi hakimo: redio itakwaruza na vifaa vya umeme vya gari vitapata usumbufu. Mita isiposoma kitu, njia ya ndani imekatika au haijaungwa vizuri, na cheche italazimika kuruka mara mbili. Plagi nne za kundi moja zisomeke kwa ukaribu. Mwigaji anaweza kununua herufi nzuri, ila kizuizi humgharimu, na yeye hutafuta pa kupunguza gharama.

Kwa plagi za iridiamu ongeza macho ya karibu. Ncha ya katikati ya Denso IK20 ina kipenyo cha milimita 0.4, nyembamba kabisa, imeunganishwa kwa leza na mpaka wa maungio unaonekana kwa kioo cha kukuzia. Nakala yake huwa nikeli iliyochongwa ikawa nyembamba, haina maungio yoyote, na italika upesi kuliko hata plagi ya kawaida, kwa sababu plagi ya kawaida angalau ina chuma kingi cha kuliwa.

Dalili: gurudumu linapata moto, gari zito kusukuma

Hapa tunahamia kwenye breki pedi, na swali la kwanza linabaki lile lile. Weka pedi mpya juu ya ile ya zamani, bamba kwa bamba. Urefu, kimo, umbo la masikio mawili yanayokaa kwenye mabano, na vinundu au matundu ya upande wa pistoni, vyote vilingane. Linganisha pia mahali kilipo kijiti cha kupigia kelele pedi inapokwisha. Kumbuka lakini kwamba pedi ya zamani nayo inaweza kuwa ilifungwa kimakosa na mtu kabla yako. Ndiyo maana namba ya chesisi inatangulia.

Baada ya hapo iweke pedi kwenye mabano bila kalipa. Inatakiwa iteleze kwa kusukuma na kidole, bila nyundo na bila kucheza. Ikibana, pedi haitarudi ukiachia pedeli. Itaendelea kusugua diski, gurudumu litapata moto, na harufu itakufikia. Ikilegea sana utasikia "ko!" moja kila unapokanyaga breki ukitoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma. Tazama vilevile kama ukingo wa juu wa pedi umepita ukingo wa diski. Pedi inayoning'inia nje ya diski huliwa kwa ngazi, na ule ukingo usioliwa hatimaye hugusa upande wa diski na kuizuia pedi isikandamize.

Pedi ikibana, usikimbilie kuchonga masikio yake kwa tupa. Chomoa kwanza vibati vya chuma cha pua vilivyo kwenye mabano. Mara nyingi kutu imejijenga chini yake, ikavisukuma juu, na nafasi ikapungua. Safisha kutu hiyo hadi chuma kionekane, rudisha vibati, jaribu tena. Ikiwa mabano ni safi na pedi bado haiingii wakati pedi ya zamani inaingia, pima masikio ya zote mbili kwa kalipa ya kupimia. Hapo utajua kama ni namba isiyo sahihi au nakala iliyokatwa bila uangalifu na kupakwa rangi nene.

Kagua pini za kalipa pia. Pini iliyoganda huifanya pedi ya ndani, iliyo upande wa pistoni, iishe haraka kuliko ya nje. Ukikuta pedi za zamani zimeliwa hivyo, pedi mpya za bei yoyote zitaliwa vivyo hivyo.

Dalili: breki zinapiga kelele au hazishiki

Mlio mwembamba katika siku za mwanzo si ushahidi wa feki. Angalia kama shimu za nyuma ya pedi zimerudishwa, na kama diski ina ukingo uliosimama au mifereji. Unene wa diski upime ulinganishe na namba iliyochongwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi pembeni ya maneno MIN TH. Diski iliyo chini ya hapo haifai pedi mpya.

Pedi mpya pia hazishiki kikamilifu kabla ya kuzoeana na diski. Kwenye barabara iliyo wazi, punguza mwendo kutoka kilomita 50 au 60 kwa saa hadi karibu 10, kwa kukanyaga kwa kiasi, mara nane hadi kumi, ukiacha gari litembee ili breki zipoe kati ya mara moja na nyingine. Usisimame kabisa ukiwa umekandamiza pedi zenye moto. Kama baada ya hapo gari linahitaji nguvu nyingi mguuni huku pedeli ikiwa ngumu na ya juu, shuku pedi yenyewe. Pedeli ikiwa laini na inashuka, hiyo ni hewa au mafuta ya breki, na gari lisitembee mpaka lipatiwe dawa.

Pedi ya kughushi inavyojitambulisha

Plagi feki itakuacha njiani. Pedi feki inaweza kukukosesha kusimama. Ubaya wake mkubwa ni sehemu ya msuguano kubanduka kutoka kwenye bamba lake la chuma breki zikipata moto, na hilo hutokea ghafla, pasipo onyo. Kwa hiyo mpaka kati ya vitu hivyo viwili ndio uangaliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Upande mzima usionekane ufa, gundi iliyovuja, wala mwanya ambao ukucha unaingia. Pitisha ncha ya ufunguo pembeni mwa sehemu ya msuguano ukikandamiza kidogo: pedi nzuri huacha mkwaruzo, pedi mbaya humeguka vipande au hutoa unga kama chaki. Bamba la nyuma liwe na unene ule ule kote, kingo zilizokatwa safi, na rangi isiyobanduka kwa kucha. Pima pedi zote nne kwenye mizani; za umbo moja zinatakiwa kukaribiana sana. Tofauti kubwa ina maana hakukuwa na kipimo kiwandani.

Maandishi ya nyuma nayo yana la kusema. Pedi zilizoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, kwa mfano 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi na 11 ni Uingereza, kisha namba ya kibali inayoanza na 90R. Namba isiyo na mpangilio huo, au inayotofautiana na iliyo kwenye boksi, ni sababu ya kukataa. Kukosekana kwake peke yake si ushahidi, kwani pedi halisi zilizotengenezwa kwa masoko mengine hazilazimiki kuwa nayo. Herufi mbili kama FF au EE hueleza kiwango cha msuguano, ya kwanza kwa breki za kawaida na ya pili kwa breki zenye moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, E ni kati ya 0.25 na 0.35. Ni maelezo, si cheti cha ubora, na yeyote anaweza kuyachapa.

Unapofanya haya yote usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Nakala zisizojulikana zimetengenezwa kwa nini zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa kisafisha breki, ukusanye na kitambaa, ukitupe.

Gari moja, hatua kwa hatua

Turudi kwenye NZE121 yetu. Mashine inasoma P0302. Plagi zinachomolewa: zote zimeandikwa K16R-U11, uzi wa milimita 19, spana ya 16. Namba ni sahihi, swali la kwanza limefungwa. Plagi ya pili inahamishiwa silinda ya tatu, gari linapandishwa mlima ule ule, inarudi P0303. Tatizo ni plagi. Fila geji inaonyesha 1.1, 0.9, 1.0 na 1.2. Mita inasoma kiloomu 5, kisha kiloomu 2, kisha 6, na kwenye plagi inayomisi haisomi kitu. Washa mbili zinaanguka mkononi. Hizi ni nakala, na ingawa moja tu ndiyo inayomisi, zote nne zinatoka. Zinafungwa mpya zilizopita vipimo vyote: uzi mkavu bila grisi, zinaanzwa kwa mkono, kisha nyutoni-mita 18 kwa spana ya toki. Asiyekuwa na spana hiyo huikaza plagi mpya kwa mkono hadi washa iguse, kisha huongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko.

Gurudumu la mbele kulia, lenye harufu, linainuliwa. Linazunguka kwa shida. Namba ya pedi inalinganishwa na chesisi kwenye katalogi: ni yenyewe. Bamba lina unene sawa, uzito wa pedi unakaribiana, ufunguo unaacha mkwaruzo tu. Pedi za kushoto, za boksi lile lile, zinateleza kwa kidole. Za kulia zinabana. Vibati vinachomolewa na chini yake kuna kutu iliyovimba. Pini ya chini ya kalipa inazungushwa kwa shida kwa mkono wote. Pedi za zamani zilizotupwa kwenye ndoo zinatafutwa: ya ndani ya upande wa kulia imeisha kuliko ya nje, ushahidi kwamba pini iliganda kitambo kabla ya pedi mpya kununuliwa. Mabano yanasafishwa, pini inang'arishwa na kupakwa grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto, mpira wake uliopasuka unabadilishwa. Pedi zile zile zinarudi mahali pake. Kabla gari halijaondoka pedeli inakanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu pistoni zimerudishwa nyuma na kukanyaga kwa mara ya kwanza kutakuwa tupu.

Plagi nne zilizotolewa zinarudishwa dukani na boksi lake na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, plagi kwa plagi. Muuzaji akikataa kuzipokea, pinda elektrodi za pembeni na uvunje kauri kabla ya kuzitupa, na boksi lichanwe vipande ili lisipate kujazwa tena.